Mkeka uliopigwa picha: ukichapa na hesabu ikakataa, kosa liko wapi?

Mwezi wa Machi 2025 vijana watano wa bodaboda waliingia saiba yangu hapa Kondele, Kisumu, wakiwa na picha moja kwenye simu. Walikuwa wamechanga shilingi 20 kila mmoja, wakaweka mkeka, yaani tiketi ya kubeti, wa mechi tatu dukani, na mechi zote zikaingia. Sasa walikuwa hawaelewani. Mmoja alikuwa ameona 547 kwenye karatasi, mwingine alikuwa ameona 455, na pesa zilizokuwa mkononi mwa mweka hazina zilikuwa zile za 455. Mweka hazina ndiye aliyeniambia, "Dada, tuchapie hii karatasi, kila kitu kwa mstari wake na jina lake, kila mtu asome kwa macho yake."

Nimechapa mikeka mingi tangu hapo, ya vikundi, ya watu wanaolalamikia malipo, hata ya wanaotaka tu kujua kwa mwezi wametumia ngapi. Matatizo yanayojitokeza ni yaleyale, na mengi yanaweza kukamatwa kabla mteja hajaondoka, kwa sababu mkeka una kitu ambacho barua au risiti nyingi hazina: unajikagua wenyewe. Odi za mechi, zile namba ambazo kampuni imelipa kila chaguo, zikizidishwa zinatoa odi ya jumla. Odi ya jumla ikizidishwa kwa dau inatoa malipo. Namba moja ikisomwa vibaya, hesabu inavunjika, na jinsi ilivyovunjika inakuonyesha mahali pa kutazama.

Nitatumia mkeka wa wale vijana mpaka mwisho. Timu nimezibadilisha, hesabu ni ileile. Hivi ndivyo ulivyotakiwa kutoka:

```
MECHI 1: Gor Mahia - Tusker
CHAGUO 1: Gor Mahia kushinda (1)
ODI 1: 1.85
MECHI 2: Shabana - Kakamega Homeboyz
CHAGUO 2: Timu zote kufunga (GG)
ODI 2: 2.10
MECHI 3: Kariobangi Sharks - AFC Leopards
CHAGUO 3: Magoli zaidi ya 1.5 (Over 1.5)
ODI 3: 1.62
```

Chini yake panafuata pesa, nitafika huko. Angalia kwamba kila chaguo nimeliandika kwa maneno, kisha alama ya kwenye karatasi nikaiacha kwenye mabano. Anayebeti anajua 1 ni timu ya nyumbani, X ni sare na 2 ni mgeni. Lakini mke wake au katibu wa kikundi huenda hajui, na ile 1 peke yake ikikaa karibu na namba nyingine humezwa kabisa.

Odi ulizochapa hazifiki odi ya jumla

Hili ndilo tatizo kubwa, kwa hiyo tukae nalo.

Mara ya kwanza nilichapa odi ya Gor Mahia kuwa 1.35. Picha ilikuwa ya karatasi ya risiti, ile inayochapwa kwa joto bila wino. Karatasi hiyo haipendi jua wala jasho la mfukoni. Ilikuwa imekunjwa pale pale kwenye odi, na upande wa kushoto wa 8 ulikuwa umefutika, ukabaki mkunjo mmoja juu na mwingine chini. Ukiiangalia haraka unaona 3. Nikazidisha: 1.35 × 2.10 × 1.62, nikapata 4.59. Karatasi ilisema `Total Odds` 6.29. Haikukubali.

Mtu mwenye haraka hapa huanza kusoma upya kila kitu, au vibaya zaidi, huchapa 6.29 na kwenda zake kwa sababu hiyo inasomeka vizuri. Kuna njia fupi. Chukua odi ya jumla iliyochapwa kwenye karatasi, uigawanye kwa ile uliyoipata wewe. Hapa ni 6.29 ÷ 4.59, ambayo ni 1.37. Hiyo 1.37 ndiyo ukubwa wa kosa. Sasa izidishe kwa kila odi uliyochapa, moja moja, uone ingekuwa ngapi kama kosa liko hapo. Ya kwanza: 1.35 × 1.37 ni 1.85. Ya pili: 2.10 × 1.37 ni 2.88. Ya tatu: 1.62 × 1.37 ni 2.22.

Kisha rudi kwenye picha na ujiulize: kati ya hizi tatu, ni ipi inayoweza kufanana na ninachokiona? Ili 2.10 iwe 2.88 lazima tarakimu mbili ziwe zimesomwa vibaya. Ili 1.62 iwe 2.22 vilevile ni mbili. Lakini 1.35 na 1.85 zinatofautiana kwa tarakimu moja tu, na ni 3 na 8, zile zinazochanganywa kuliko zote. Nikavuta picha pale pale, nikaona kivuli chembamba cha ile kushoto ya 8. Nikabadilisha.

Nasema "nikaona" kwa makusudi. Hesabu inakuonyesha pa kutazama, haikupi ruhusa ya kuchapa. Kama jicho halikubali hata baada ya kuvuta picha, mimi huandika hivi kwenye mstari wa odi: `ODI 1: [haisomeki; kwa hesabu ni 1.85]`. Mtu akipeleka nakala hiyo kudai malipo, anayesoma ajue kipi kilitoka kwenye karatasi na kipi kilitoka kwenye kikokotoo changu.

Kugawanya huko huko hukufichulia makosa mengine mawili. Kama umeruka mechi nzima, jibu la kugawanya ndilo odi ya mechi uliyoiruka. Ningesahau Sharks na Leopards, ningepata 1.85 × 2.10 ambayo ni 3.885, na 6.29 ÷ 3.885 inatoa 1.62. Ukipata jibu ambalo halifanani na odi yoyote uliyochapa lakini lenyewe linafanana na odi ya kawaida, hesabu mechi kwenye picha tena. Na kama jibu ni 0.01, nukta imepotea mahali: umechapa 185 badala ya 1.85. Nukta za karatasi ya risiti ni ndogo na hufutika kabla ya tarakimu.

Mahali njia hii inaposhindwa ni pale makosa yanapokuwa mawili au zaidi. Ukizidisha na kila jibu linaonekana la ajabu, usiendelee kubahatisha. Soma odi zote upya kutoka chini kwenda juu. Ukisoma kwa mpangilio uleule wa kwanza, jicho hurudia kosa lilelile.

Odi moja inaonekana ya kawaida lakini hesabu inakosa kidogo tu

Kuna namba nyingi kwenye mkeka ambazo si odi lakini zimevaa nguo za odi. Mbaya kuliko zote ni ile ya magoli. Kwenye mechi ya tatu karatasi iliandika `Over 1.5`, na odi yenyewe ikawa pembeni kulia, 1.62. Mtu asiyezoea huchukua 1.5 akaiandika kwenye mstari wa odi kuwa 1.50, na inapendeza kabisa, maana odi za 1.50 zipo kila siku. Jumla inatoka 5.83 badala ya 6.29. Ukigawanya unapata 1.08, na 1.50 × 1.08 ni 1.62. Umeshaiona.

Namba za magoli kwa kawaida huishia na .5: 0.5, 1.5, 2.5, 3.5. Ukiona odi yoyote uliyochapa imeishia hivyo na chaguo lake ni la magoli, irudie. Saa ya mechi nayo hudanganya pale karatasi inapotumia nukta badala ya nukta pacha, 16.00 au 19.30. Na namba ya mechi, ile ya tarakimu nne au tano, huwa imekaa karibu sana na jina la timu. Mimi huiweka mstari wake, `NAMBA YA MECHI`, ama naiacha kabisa kama mteja haihitaji.

Odi ya jumla imekubali, lakini odi zimekaa kwenye mechi zisizo zake

Hili ni la hatari kwa sababu kuzidisha hakulikamati. 1.85 × 2.10 × 1.62 na 2.10 × 1.62 × 1.85 ni kitu kimoja. Unaweza kumpa Gor Mahia odi ya Shabana, jumla ikaja 6.29 safi, ukamkabidhi mtu nakala ya uongo.

Hutokea zaidi ukitumia programu ya simu inayonyakua maandishi kwenye picha. Mkeka umepangwa kwa safu: timu kushoto, chaguo katikati, odi kulia. Programu ikisoma safu ya kushoto yote kwanza, unapata majina sita ya timu yamefuatana, halafu machaguo matatu, halafu odi tatu. Hapo bado ni rahisi, ya kwanza inakwenda na ya kwanza. Shida inaanza jina la timu likiwa refu, kama Kakamega Homeboyz, likakatika mistari miwili. Programu inahesabu mistari minne pale penye mitatu, na kila kitu chini yake kinateremka hatua moja. Dalili yake ni kwamba mechi ya mwisho inabaki bila chaguo wala odi.

Dawa ni ya mkono. Kama karatasi ipo, nachukua karatasi nyeupe, naiweka chini ya mstari wa mechi ya kwanza ili zilizo chini zisionekane, nasoma kushoto hadi kulia, nachapa, nateremsha. Kama ni picha tu, naikata vipande, mechi moja kipande kimoja, kabla ya kunyakua maandishi. Kwa mkeka wa mechi tatu ni dakika mbili. Kwa ule wa mechi kumi na saba wa jakpoti, watu hulalamika kwamba nachelewa, na bado nafanya hivyo hivyo.

Kagua na kitu kimoja zaidi, bila hesabu: odi ndogo inakaa na anayetegemewa kushinda. Ukikuta timu inayoburura mkia imepewa odi ya 1.25 dhidi ya inayoongoza ligi, huenda umeteremka mstari.

Odi zimekubali, malipo hayakubali

Sasa pesa. Hapa ndipo wale vijana walipokuwa wamekwama. Walizidisha 100 kwa 6.29 wakapata 629, na 629 haikuwa popote kwenye karatasi. Waliona 547, waliona 455, wakaanza kushukiana.

Karatasi ilikuwa na dau mbili. Wakati ule ushuru wa kubeti ulikuwa asilimia 15 ya dau, na mtu alipotoa 100 kampuni iligawanya: 100 ÷ 1.15 ni 86.96, hilo ndilo dau lililocheza, na 13.04 ikawa ya ushuru. Odi ya jumla inazidishwa kwa 86.96. Kisha ushindi nao ulikatwa kodi ya asilimia 20, na ushindi maana yake ni malipo ukitoa dau. Yaani 547.30 ukitoa 86.96 ni 460.34; asilimia 20 yake ni 92.07, inabaki 455.23. Nikawachapia hivi:

```
PESA ILIYOTOLEWA: 100.00
USHURU WA DAU: 13.04
DAU LILILOCHEZA: 86.96
ODI YA JUMLA: 6.29
MALIPO KABLA YA KODI: 547.30
KODI YA USHINDI: 92.07
MALIPO MKONONI: 455.23
```

Walisoma kimya. Kisha yule aliyekuwa akisema 547 akamwomba mweka hazina msamaha, wakagawana 91 kila mmoja.

Ndiyo maana sipendi mstari mmoja ulioandikwa "dau" na mwingine ulioandikwa "malipo" bila maelezo. Kila namba ya pesa iliyo kwenye karatasi ipate mstari wake na jina linaloonyesha iko kabla au baada ya makato. Mtu akikuuliza ni ipi hasa, jaribu zote mbili: dau ambalo likizidishwa kwa odi linafika `Possible Win`, yaani malipo kabla ya kodi, ndilo lililocheza.

Tarehe ya mkeka lazima uichape, kwa sababu viwango vimebadilika mno. Mwaka 2023 ushuru wa dau ulipandishwa hadi 12.5, ambapo 100 inakuwa 88.89. Mwisho wa Desemba 2024 ukawa 15. Halafu Sheria ya Fedha ya 2025, kuanzia Julai 1 mwaka huo, ikauondoa kwenye dau na kuuweka kwenye pesa unayoingiza akauntini, asilimia 5, na kodi ya ushindi ikageuzwa kuwa asilimia 5 ya pesa unayotoa. Kwa hiyo mechi zilezile tatu kwa dau la 100 baada ya hapo zinatoa 629.37 kwenye mkeka, na makato yanatokea nje ya mkeka. Ukichapa mkeka wa kabla ya Julai 2025 na wa baada yake kwa mfano mmoja, mmoja utakuwa na mistari mitupu. Iache mitupu, au iondoe. Usiijaze kwa kukisia.

Kama baada ya haya malipo kwenye karatasi bado ni makubwa kuliko hesabu yako, tafuta neno bonasi. Mikeka ya mechi nyingi mara nyingi huongezewa kitu juu, na inakaa mstari wake, `BONASI`. Yakiwa madogo kwa kiasi cha dau zima, huenda lilikuwa dau la bure: kwa hilo unalipwa ushindi peke yake na dau halirudi.

Tofauti ni ya senti

86.96 × 6.29 ni 546.98, na karatasi inasema 547.30. Hakuna kosa. Odi ya jumla halisi ni 6.2937, karatasi imeonyesha tarakimu mbili tu baada ya nukta lakini mashine imezidisha na zote. Kwa dau lisilofika mia, tofauti ya aina hii haifiki shilingi moja. Kwa dau la 1,000 inaweza kufika shilingi kadhaa, kwa hiyo usishtuke, ila zidisha odi za mechi moja moja badala ya ile ya jumla uone kama inafunga. Chapa iliyo kwenye karatasi, si uliyoipata wewe.

Mkeka wa simu umebadilika tangu ulipowekwa

Mteja analeta picha aliyopiga leo ya mkeka wa wiki iliyopita, na odi ya jumla haifanani na aliyoikumbuka. Angalia kama kuna mechi iliyoahirishwa au kufutwa. Mechi ya namna hiyo hupewa odi ya 1.00, na jumla hupigwa upya. Ingekuwa mechi ya Shabana, jumla ingeshuka kutoka 6.29 hadi 2.997, yaani 3.00. Mimi huandika `ODI 2: 1.00 (mechi imefutwa; awali 2.10)` iwapo mteja ana picha ya siku aliyoweka. Kama hana, naandika 1.00 na hali ya mechi, basi.

Umechapa kwenye jedwali la hesabu na namba zimejigeuza

1.50 inakuwa 1.5, matokeo ya 2-1 yanakuwa tarehe, na namba ya tiketi inayoanza na sifuri inapoteza sifuri yake. Chagua seli zote kwanza uzifanye za maandishi, ndipo uanze kuchapa. Ukishachapa umechelewa, sifuri haitarudi yenyewe.

Picha haisomeki kabisa

Mwombe mteja apige tena kabla hujahangaika. Karatasi iwe bapa mezani, kivulini karibu na mlango, simu iwe juu moja kwa moja, bila flashi, maana flashi hung'aa katikati na kumeza odi. Mkeka ulio kwenye skrini ya simu usipigwe picha na simu nyingine, unaleta mistari ya mawimbi, achukue skrinshoti. Na akituma kwa WhatsApp atume kama dokumenti, kwani ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa na 3 na 8 zinakuwa kitu kimoja. Karatasi iliyofifia isipashwe moto kwa matumaini ya kuirudisha: joto huifanya yote nyeusi.

Kabla sijarudisha nakala kwa kikundi, nafunika msimbo wa milia na namba ya tiketi kwenye picha, na kwenye maandishi naziacha kwa mweka hazina pekee. Tiketi ya karatasi haina jina la mtu. Picha ile ikizunguka kwenye simu za watu arobaini kabla ya pesa kuchukuliwa, yeyote anayeijua namba anaweza kujaribu kuwahi kuzichukua dirishani.